Michelangelo alifunzwa na nani? Mkataba wa karakana, barua na daftari la benki

MaalimSanaa (mwanzisha uzi)
Assalaam alaykum wana jukwaa. Nafundisha sanaa skuli moja hapa mjini na kidato cha tatu wamenibana. Kitabu kimoja tulichonacho kinasema Michelangelo, yule aliyechora dari la kanisa la Sistina kule Roma, alipelekwa utotoni kwa mchoraji Domenico Ghirlandaio wa Florence akajifunza kazi. Kingine kinasema hakufunzwa na mtu, kipaji alizaliwa nacho, na tajiri Lorenzo de' Medici ndiye aliyemwona akamchukua nyumbani kwake. Mwanafunzi mmoja kaniuliza, "Maalim, hapa mmoja anasema uongo. Yupi?"

Sikutaka kumjibu kwa kubahatisha. Nasikia upo mkataba. Uko wapi, unasemaje, na tuuamini kiasi gani? Na mteja wake mkubwa wa mwanzo hasa alikuwa nani? Mwenye kujua atujuze, na tafadhali tusiletewe "nilisikia".

FundiRangi_Mwanakwerekwe
Wa alaykum salaam Maalim. Mwalimu wa kupaka rangi unaye hapa. Wanafunzi nachukua, ila mzazi aje tuandikiane kabisa, maana siku hizi kijana akishajua kupiga msasa na kuchanganya rangi hakuagi, unamkuta kwa fundi mwingine anapaka nyumba uliyokuwa uipate wewe. Mtoto ana umri gani?

MaalimSanaa
😀 Fundi, mtoto mwenyewe alifariki 1564. Lakini usiondoke, hilo la kuandikiana na mzazi ndilo swali langu hasa.

MtuWaNyaraka
Maalim, mkataba wenyewe haupo. Kilichopo ni nakala iliyochapishwa ndani ya kitabu, na kitabu hicho kilitoka katikati ya ugomvi. Tuanze na ugomvi, ndipo utaona kwa nini karatasi ile ililetwa hadharani.

Mwaka 1550 Giorgio Vasari alichapisha maisha ya wasanii wa Italia, akasema baba yake Michelangelo alimpeleka mwanawe kwa Ghirlandaio. Michelangelo alikuwa bado hai, mzee wa miaka 75 mwenye jina kubwa. Yaelekea hakupendezwa, kwa sababu mwaka 1553 mwanafunzi wake Ascanio Condivi akatoa maisha mengine, yaliyotoka karibu kabisa na kinywa cha mzee mwenyewe. Humo Ghirlandaio anaonekana mtu wa wivu, na imeandikwa bila kuficha kwamba hakumsaidia kijana kwa lolote. Condivi anaeleza na sababu ya kulisema: mtoto wa Ghirlandaio alikuwa akijitapa kuwa ustadi wa Michelangelo ulitokana na malezi ya baba yake.

Michelangelo alifariki Februari 1564. Mwaka 1568 Vasari akatoa toleo la pili, na safari hii hakubishana kwa maneno matupu. Akasema warithi wa Ghirlandaio wanalo daftari la karakana, na ndani yake mna maandishi kwa mkono wa Lodovico, baba yake Michelangelo. Akayanakili. Maana yake kwa Kiswahili ni hivi: leo tarehe 1 Aprili 1488, mimi Lodovico namweka mwanangu Michelangelo kwa Domenico na David, wana wa Tommaso, kwa miaka mitatu ijayo. Atakaa kwao ajifunze kuchora, atafanya kazi hiyo, na wao watamwamuru. Na wao watampa kwa miaka hiyo mitatu florini 24: mwaka wa kwanza 6, wa pili 8, wa tatu 10, jumla lira 96.

Chini yake kuna mstari mwingine wa tarehe 16 Aprili, kwamba zimetolewa florini 2 za dhahabu, na baba kapokea taslimu lira 12 na soldi 12.

David hapo ni mdogo wake Domenico. Karakana ilikuwa ya ndugu, si ya mtu mmoja, na hilo peke yake linatuonyesha jinsi kazi zilivyogawanywa. Daftari lenyewe limepotea. Tunalomiliki ni neno la Vasari kwamba aliliona.

Ngambo_Historia
Basi umeshajijibu. Vasari ni mtunzi wa hadithi, kila mtu anajua hivyo. Mkataba asili haupo, anayeuleta ni mtu aliyekwisha kanushwa, na anangoja Michelangelo mwenyewe afe ndipo autoe. Mahakamani hapo kesi imeanguka. Isitoshe, tarehe zake hazikai sawa: Vasari anasema kijana alikuwa na miaka 14, lakini 1475 hadi 1488 ni 13. Na baba mwenyewe kaandika kwamba mtoto kazaliwa 1474! Tarehe tatu, hakuna inayolingana na mwenzake. Mimi naita hiyo kughushi.

Tena Michelangelo alikuwa mchongaji wa mawe, si mchoraji. Mwalimu wa kuchora wa nini?

MtuWaNyaraka
Kumtilia shaka Vasari uko sawa kabisa, na kila anayelifanyia kazi jambo hili huanzia hapo. Ila ulichokishika kwenye tarehe ni mtego, nao si wa Vasari.

Florence ya siku zile mwaka ulikuwa hauanzi Januari. Ulianza 25 Machi, sikukuu ya Maryamu kupashwa habari. Mtu wa Makunduchi hatapata tabu kuelewa hili, kwao mwaka huoga Julai wakati kalenda ya ukutani iko katikati. Kwa hiyo mtoto aliyezaliwa 6 Machi, siku 19 kabla ya mwaka kugeuka, Florence aliandikwa wa 1474 na Roma aliandikwa wa 1475. Lodovico alilijua hilo: katika kumbukumbu yake ya uzazi aliandika 1474, kisha akaeleza kuwa hiyo ni hesabu ya Florence, na kwa hesabu ya Roma ni 1475. Hakuna mgongano.

Mkataba ni wa 1 Aprili. Tarehe hiyo iko baada ya 25 Machi, kwa hiyo 1488 ni 1488 kwa hesabu zote mbili. Ungekuwa wa 1 Machi tungelazimika kuusogeza mwaka mmoja mbele, na hapo ndipo watu wengi huteleza wanaposoma barua za Florence za Januari, Februari na Machi. Kijana alikuwa ametimiza 13 na ameingia wa 14. Vasari akasema 14. Kwa mtu anayehesabu mwaka alioingia, hiyo si ajabu wala si ushahidi wa kughushi.

La uchongaji ni kweli nusu. Mwenyewe alipenda kujiita mchongaji. Tarehe 10 Mei 1508 aliandika kumbukumbu ya kupokea dukati 500 kwa ajili ya lile dari la Sistina, na hata hapo kajiandika "Michelangelo mchongaji" kwenye karatasi ya malipo ya kuchora. Jina alilojipachika halituambii alichofundishwa utotoni. Na mtu ambaye hakuwahi kukanyaga karakana ya michoro ya ukutani angejua wapi kupaka rangi juu ya chokaa mbichi kabla haijakauka? Siku za mkataba ule Ghirlandaio alikuwa na kazi kubwa ya ukutani mkononi, ukumbi wa ibada wa familia ya Tornabuoni katika kanisa la Santa Maria Novella. Alipewa kazi ile 1485 na kuimaliza 1490.

BintiMalindi
Samahani kaka MtuWaNyaraka, umetetea tarehe lakini hujatetea karatasi. Mtu anayeghushi vizuri anapatia tarehe pia. Kuna kitu chochote nje ya kitabu cha Vasari?

MtuWaNyaraka
Kipo dada, na hicho ndicho kilichobadilisha mjadala. Mwaka 1993 mtafiti Jean Cadogan alichapisha mstari mmoja kutoka hesabu za Ospedale degli Innocenti, nyumba ya kulelea watoto waliotupwa, ambayo ipo Florence hadi leo. Nyumba ile ilikuwa imemwagiza Ghirlandaio mchoro wa madhabahuni, Mamajusi wanamsujudia mtoto, na ilikuwa ikimlipa kidogo kidogo. Karani kaandika kwamba tarehe 28 Juni 1487 Domenico amelipwa florini 3, na aliyezichukua ni Michelangelo wa Lodovico.

Tazama tarehe. Ni miezi tisa kabla ya mkataba wa Vasari. Kijana ana miaka 12, na tayari anatumwa kwenda kuchukua pesa za bwana wake.

Kwa nini mstari huu una nguvu kuliko mkataba? Karani yule hakuwa na ugomvi na mtu. Hakujua kuwa mtoto huyo atakuwa nani. Jina kaliandika kwa sababu moja tu, pesa zikipotea njiani ajulikane aliyezibeba. Vasari hakuliona daftari hilo, kwa hiyo hakuweza kulipangia hadithi yake. Shahidi wawili wasiojuana wanamweka mtoto yule yule kwenye karakana ile ile.

Ndiyo maana ukitafuta mwanagenzi kwenye nyaraka, usianze na mikataba. Mikataba mingi haikuandikwa kabisa, au iliandikwa baada ya mtoto kuwa kazini muda mrefu. Anza na hesabu za wateja. Tafuta nani kachukua pesa, nani kaleta mbao, nani kasaini kwa niaba. Vijana wa karakana wanajitokeza hapo, wakiwa na jina lao na la baba yao, bila kujua kuwa wanatazamwa.

FundiRangi_Mwanakwerekwe
Ngojeni. Nimesoma tena ile ya florini. Yaani fundi ndiye anamlipa mtoto? Na tangu mwaka wa kwanza?

Mimi kijana akija, mwaka wa kwanza anapata chai na nauli, basi. Zamani sisi mzazi ndiye alikuwa anapeleka kitu kwa fundi. Fundi kukubali kulipa, tena kwa kuandika, tena kila mwaka anaongeza, ni kwa sababu kijana tayari anafaa. Asiyejua kushika brashi humwandikii mshahara.

MtuWaNyaraka
Fundi, umefika walipofika wenye shahada, na umetumia njia fupi. Ndivyo mkataba ule unavyosomwa: hayo si masharti ya mtoto anayeanza kusaga rangi, ni masharti ya kijana ambaye tayari ana kazi ya kutoa. Na mstari wa 1487 unaeleza kwa nini. Alikuwa pale muda, mkataba ukaja kurasimisha.

Sasa tufanye hesabu, kwani humu ndimo karatasi inapojisema. Florini 24 ni lira 96, kwa hiyo florini ya mkataba ni lira 4. Hiyo ilikuwa florini ya kuhesabia tu, iliyozoeleka kwenye vitabu vya hesabu. Florini ya dhahabu, ile ya kushika mkononi, ilikuwa na thamani zaidi. Rudi kwenye mstari wa 16 Aprili: florini 2 za dhahabu, lira 12 na soldi 12. Soldi 20 ni lira moja. Gawa lira 12 na soldi 12 kwa mbili, unapata lira 6 na soldi 6, na hiyo inakaribia sana bei ya florini ya dhahabu ya miaka ile. Kwa maoni yangu basi hayo si malipo mawili. Ni malipo mamoja yaliyoandikwa mara mbili, kwanza kwa sarafu, kisha kwa hesabu.

Ikiwa ni hivyo, mwaka wa kwanza mzima ni florini 6 za mkataba, yaani lira 24, na baba kapokea zaidi ya nusu yake wiki mbili tu baada ya kuandikiana. Tena zikaishia mkononi mwa baba. Mtu anayetunga hadithi ya kumtukuza Ghirlandaio hana haja ya kubuni soldi 12.

Ngambo_Historia
Hesabu nimeikubali. Bado nasema "zaidi ya nusu" inategemea kwamba ni malipo mamoja, na hilo huwezi kulithibitisha bila daftari.

MtuWaNyaraka
Sibishi. Daftari lingekuwepo tungeona kama ni mstari mmoja, wino mmoja, mkono mmoja. Nakala ya kuchapwa imetunyima hayo yote.

MaalimSanaa
Mashallah, somo limenoga. Sasa nina mambo mawili. Je, alikaa hiyo miaka mitatu? Na habari ya Lorenzo de' Medici na bustani yake, nayo tuitupe?

MtuWaNyaraka
Mkataba unaonyesha walichokubaliana, hauonyeshi kilichotokea. Hakuna karatasi inayosema kijana aliondoka lini. Vasari anasimulia kwamba Lorenzo alimwomba Ghirlandaio vijana wazuri ampelekee kwenye bustani yake karibu na San Marco, kulikokuwa na sanamu za kale, akapelekewa Michelangelo na mwenzake Francesco Granacci. Mchongaji Bertoldo di Giovanni ndiye aliyekuwa akisimamia pale. Wengi huliweka hilo kati ya 1489 na 1490, yaani kabla ya miaka mitatu kwisha. Lakini hayo ni masimulizi. Mkataba baina ya Lorenzo na Michelangelo hatuna, na Lorenzo alifariki 8 Aprili 1492.

Bustani kwa muda mrefu kuna waliosema ni ngano iliyotungwa kuwapamba Medici. Kilichoiokoa ni barua ya mtu wa pembeni kabisa. Tarehe 14 Oktoba 1494, mtu aitwaye ser Amadeo alimwandikia ndugu yake Adriano, ambaye pia alikuwa mchongaji, habari za mjini. Katikati ya habari hizo anasema Michelangelo "mchongaji wa bustanini" amekwenda zake Venisi bila kumwambia Piero, na Piero amechukizwa sana. Piero ni mtoto wa Lorenzo, aliyeshika nafasi baada ya baba.

Barua ya umbea hii! Lakini yule ndugu hakuhitaji kuelezwa bustani gani, wala Michelangelo yupi. Ina maana mwaka 1494 mtu akisema "wa bustanini" kila mtu wa kazi hiyo alijua. Na kuchukizwa kwa Piero kunaonyesha alijiona ana haki ya kuagwa. Mtu asiye wako akiondoka bila kuaga hakukeri.

Kwa hiyo mwambie mwanafunzi wako vitabu vyote viwili vina la kweli. Karakana ipo na bustani ipo. Uongo uko kwenye lile neno "hakufunzwa na mtu".

Karafuu_Wete
Naomba nichomekee jambo langu, labda linafanana. Babu yangu mzaa mama alikuwa akichora mabango ya maduka hapa Wete, na baadaye akachora vioo na masanduku ya maharusi. Ukoo wote unasema kajifunza mwenyewe. Lakini nimepata furushi la barua zake kwa hati ya Kiarabu, Kiswahili kitupu, na nyingi anamwandikia fundi mmoja wa Unguja, anamwagizia rangi na brashi, na anaomba amtazamie mchoro. Je, huyo ndiye mwalimu wake?

BintiMalindi
Dada Karafuu, kuagizia rangi si lazima awe mwalimu. Anaweza kuwa muuzaji tu, au mtu aliyeko mjini penye maduka. Sisi wote tunawaagizia watu wa mjini.

MtuWaNyaraka
BintiMalindi kasema kweli. Bi Karafuu, zitenge kwanza barua za pesa na zile za kazi. Anapoagiza rangi, analipa bei kamili, anakopa, au anapewa? Anapopeleka mchoro utazamwe, jibu linakuja la namna gani: la kusifia, au la kusahihisha? Mtu anayeandikiwa "mkono umeuzidisha, punguza" ana mwalimu. Kama majibu ya fundi hayamo kwenye furushi, yatakuwa nyumba ya fundi, na ndiko pa kuuliza.

Kisha tarehe. Za Hijria usizigeuze kwa kukisia, na angalia kama kaandika "usiku wa Ijumaa", maana huo kwetu ni Alkhamisi jioni. Ukikosea hapo, utaona barua ya jibu imeandikwa kabla ya swali.

Karafuu_Wete
Za kusahihisha zipo mbili. Moja inasema asiweke weusi pembeni mwa jina la duka mpaka mwekundu ukauke. Lakini hazina tarehe!

MtuWaNyaraka
Basi zisome pamoja na zile zenye tarehe, utafute jambo moja linalotajwa kote: duka lile lile, msiba, bei ya karafuu. Hilo ndilo litakalozipanga. Ila usiseme "mwalimu" kwenye maandishi yako mpaka uone mojawapo ni ya kabla babu hajaanza kulipwa. Fundi anaweza kumsahihisha mwenzake aliyekwisha kuwa fundi pia.

MaalimSanaa
Bi Karafuu, fungua uzi wako tukusaidie huko. Kaka, bado mteja wa mwanzo.

MtuWaNyaraka
Hapo kuna jambo lile lile limejirudia, ndiyo maana nimelipenda. Condivi anasema Michelangelo alipofika Roma, Kardinali Raffaele Riario alimweka karibu mwaka mzima bila kumwagiza kazi yoyote, na sanamu ya Bakusi, mungu wa divai wa Warumi, aliagizwa na Jacopo Galli. Kwa karne nyingi watu waliamini hivyo.

Ipo lakini barua ya Michelangelo mwenyewe, aliyoiandika Roma tarehe 2 Julai 1496 kwenda Florence, kwa Lorenzo di Pierfrancesco de' Medici. Angalia, huyo si yule Lorenzo aliyekufa 1492, ni binamu wa tawi jingine la ukoo, na watu huwachanganya sana. Anamweleza kwamba kardinali kamwonyesha sanamu zake za kale, kisha kamuuliza kama ana ujasiri wa kufanya kitu kizuri. Akajibu kwamba makubwa kama yale hawezi, lakini ataona atakachofanya. Halafu anasema wamenunua kipande cha marumaru cha kutosha umbo la ukubwa wa mtu, na Jumatatu ataanza kazi.

Kardinali mnunua marumaru hawezi kuwa ni yule asiyeagiza kitu. Mtu bado angeweza kusema barua ya kijana mgeni mjini ina kujisifu. Ndipo mwaka 1981 mtafiti Michael Hirst akachapisha hesabu za benki ya Balducci ya Roma, alikokuwa Michelangelo akiweka pesa zake. Humo Riario anaonekana akilipia Bakusi, dukati 50 mara tatu kati ya 1496 na 1497, na ya mwisho imeandikwa mwanzoni mwa Julai 1497.

Sasa iweke hiyo karibu na barua nyingine, ya tarehe 1 Julai 1497, anamwandikia baba yake. Anamwambia asishangae kwamba bado hajarudi, mambo yake na kardinali hayajamalizika, na hataondoka mpaka alipwe jasho lake, na wakubwa hawa mtu huenda nao polepole kwa kuwa hawalazimishiki. Ukiisoma barua peke yake utadhani kardinali ni mdhulumaji. Ukiisoma na daftari la benki, utaona ni mtu anayesubiri fungu la mwisho, na fungu likaja.

Galli hakuzuliwa, alikuwepo. Sanamu iliishia nyumbani kwake, na ndiye aliyesimama mdhamini katika mkataba wa Pietà, sanamu ya Maryamu kampakata mwanawe aliyekufa, tarehe 27 Agosti 1498, baina ya Michelangelo na kardinali Mfaransa Jean de Bilhères: dukati 450 za dhahabu, kazi imalizike ndani ya mwaka mmoja, na Galli akaahidi kuwa itakuwa kazi ya marumaru nzuri kuliko zote zilizoko Roma wakati huo. Kwa nini Bakusi hakubaki kwa Riario, karatasi hazisemi. Wengi wanadhani hakuipenda.

BintiMalindi
Kwa hiyo mzee kamkana mwalimu wa kwanza na kamkana mteja wa kwanza wa Roma, na wote wawili wakarudishwa na makarani.

Ngambo_Historia
Au hakuwakana, ni Condivi aliyezidisha. Hatuna sauti ya Michelangelo kwenye kitabu kile, tuna kalamu ya mwanafunzi wake. Hilo nalo lihesabiwe.

MtuWaNyaraka
Lihesabiwe, ni hoja nzuri. Lakini kuna jambo moja linanielemea upande wa pili. Alipopewa dari la Sistina 1508 na kuhitaji wasaidizi wa kuchora juu ya chokaa, aliwaita kutoka Florence, na miongoni mwao ni Granacci na Giuliano Bugiardini, wote watu waliopita kwa Ghirlandaio. Alijua wenye kuifanya kazi ile wanapatikana wapi.

FundiRangi_Mwanakwerekwe
Hata mimi vijana walionikimbia wakipata kazi kubwa wananipigia simu wapate wasaidizi 😀 Sasa niambieni, florini 24 ni shilingi ngapi za leo?

MtuWaNyaraka
Fundi, hiyo hesabu atakayekufanyia anakudanganya. Linganisha ndani ya karatasi zenyewe tu. Kijana aliandikiwa lira 96 kwa miaka mitatu, na baba akabeba zaidi ya 12 mwezi ule ule.

FundiRangi_Mwanakwerekwe
Baba alikuwa na shida.

MaalimSanaa
Kesho nawapelekea darasani ule mstari wa 28 Juni 1487 bila kuwaambia ni nani, niwaulize wao mtoto huyo anafanya nini pale. Nitaleta majibu yao hapa.